Barua ya Kurasa Mbili kwa Wazazi wa Mwaka wa Kwanza

Barua iliyoniingizia onyo kwenye faili langu la kazi ilikuwa na kurasa mbili. Ilitaja ndoo, shuka, blanketi, tarehe ya kufika chuoni na namba yangu ya simu. Haikumtukana mtu wala haikutoa siri ya ofisi. Kosa lake ni kwamba ilikuwa ya Kiswahili, ikaenda kwa wazazi bila saini ya mkuu wa chuo, na aliyeituma ni mimi. Nilikiri siku ile nilipoulizwa. Nakiri na leo, na sijutii hata nukta yake.

Nilikuwa mkufunzi katika chuo kidogo cha afya mjini Sumbawanga, na juu ya vipindi vyangu nilipewa kazi ya ushauri wa wanafunzi. Kwa jina ni kazi ya heshima. Kwa vitendo, mwanafunzi akiugua unaamshwa wewe, bweni likikosa maji unapigiwa wewe, na wanafunzi wapya wanapofika, unakaa getini na daftari wewe. Hapo getini ndipo yalipoanzia mambo haya.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu masomo ya mwaka wa kwanza yaanze. Asubuhi, kabla sijaingia darasani, mlinzi akaniita. Nje ya geti alisimama mzee mmoja wa makamo, mrefu, amevaa koti la suti juu ya shati la kitenge, na fimbo mkononi. Pembeni yake binti amekaa juu ya godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Walikuwa na ndoo mbili mpya, sanduku la bati, na mfuko wa mchele.

"Shikamoo, mwalimu," alinisalimu yule mzee, ingawa kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia.

"Marahaba... hapana, baba, shikamoo wewe. Karibuni."

Wametoka bondeni, bonde la Rukwa kule chini ya mlima, ambako jamaa wa kutoka kanda ya ziwa wanafuga ng'ombe na kulima mpunga. Walipanda mlima kwa lori la mchele tangu jana yake. Binti alichaguliwa kusoma uuguzi. Baba yake alinipa barua ya udahili, safi, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe.

Nikamwuliza kwa nini wamechelewa.

"Mama yake mzazi alifariki wiki ile ile ya kuja," alisema. "Tukazika. Tukakaa matanga. Nikasema mtoto hawezi kutoka msibani akaenda kukaa na wageni. Barua tuliona inasema wiki ya kwanza ni ya sherehe, ya kukaribishana tu. Tukaona sherehe tutaikosa, siyo neno."

Barua aliyoisema ilikuwa ya kurasa saba za Kiingereza. Ilichapishwa kwenye duka la stesheneri mjini, na kijana wa dukani ndiye aliyewasomea. Alipofika kwenye wiki ya utambulisho akawaambia ni wiki ya kuwakaribisha wageni. Hakudanganya. Hakujua tu kwamba ndani ya wiki hiyo ya "karibu" ndipo mwanafunzi anaposajiliwa, anapokaguliwa vyeti, anapopewa namba na kitanda, na kwamba asiyesajiliwa hayupo. Na ukurasa wa tano, chini kabisa, kulikuwa na sentensi moja ndefu iliyosema kwamba atakayechelewa zaidi ya wiki mbili bila ruhusa ya maandishi ya mkuu wa chuo atapoteza nafasi.

Bila ruhusa ya maandishi. Maana yake ruhusa ipo. Mtu aliyefiwa angeandika mistari mitatu, au angepiga simu akaandikiwa, na nafasi ingemsubiri. Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza. Akanijibu kwamba orodha imeshapelekwa ngazi za juu, nafasi imeshajazwa, na kanuni ni kanuni. "Walipewa barua," alisema.

Nikarudi getini. Mimi ndiye niliyewaambia. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ningeomba, ningepewa?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ndiyo, baba. Ungeomba, ungepewa."

Hakunigombeza. Aliinama akafungua kamba ya godoro, akaifunga tena kwa nguvu zaidi, kama mtu ambaye mikono yake inatafuta kazi. Binti hakulia. Alinitazama. Nilitoa namba yangu nikaiandika nyuma ya barua ya udahili, nikamwambia dirisha la maombi likifunguliwa mwakani anipigie. Halafu nikaingia darasani kufundisha namna ya kumpokea mgonjwa anapofika wodini. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mgonjwa asipoelewa maelekezo, kosa ni la muuguzi. Nilijisikia mwenyewe nikisema hivyo.

*

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, katibu muhtasi aliniletea barua ile ile ya kurasa saba kwenye flashi. "Mkuu amesema ubadilishe tarehe tu, madam. Kesho kutwa inapandishwa kwenye tovuti."

Nilibadilisha tarehe. Halafu nikaisoma yote, kwa mara ya kwanza kama mzazi na siyo kama mtumishi. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa za historia ya chuo, dira yake na maadili yake. Ya tatu na ya nne zilikuwa za makosa na adhabu: kusimamishwa, kufukuzwa, kukabidhiwa polisi. Vitu vya kuleta vilikuwa ukurasa wa sita, vimechanganywa vya lazima na visivyo vya lazima. Namba za simu zilikuwa mbili, na moja kati yake ilikuwa ya mhasibu aliyeshahamia mkoa mwingine. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwapokea watoto wao, sikutajwa.

Jumamosi nilikwenda Kasense kwa mama yangu, na kompyuta ndogo mgongoni. Mama ni mkulima. Alisoma mpaka darasa la saba la wakati wao, nyumbani tunazungumza Kifipa, na Kiswahili anakisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nilimkuta uani anapembua maharage ya kupanda. Nikamwambia, "Mama, wewe leo ni mzazi. Mwanao amechaguliwa chuoni kwetu. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Unachotaka kujua."

Hakufikiri hata kidogo. "Nimlete lini? Nikimleta nimkabidhi kwa nani? Atalala wapi, atakula nini? Akiumwa nani ataniambia? Na akifanya upuuzi, mtanipigia mimi au mtamfukuza kwanza ndipo nisikie kwa watu?"

Nikaandika maswali hayo hivyo hivyo, na majibu yake ndiyo yakawa barua. Tulikaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Kila nilichoandika nilimpa asome. Penye sheria nilikuwa nimeanza kwa kuandika "ni marufuku" mara sita mfululizo. Alipofika hapo aliweka ungo chini.

"Huyu mtu umemkaribisha au umemkamata?"

"Ni sheria, mama. Lazima zijulikane."

"Zijulikane. Ila mwambie kwa nini. Mtu akijua kwa nini, atamkanya mwanawe mwenyewe."

Nikafuta nikaanza upya. Sehemu ya barua ile naikumbuka kwa moyo, kwa kuwa baadaye nililazimika kuisoma kwa sauti mbele ya watu:

"Mzazi au mlezi, hongera kwa mwanao kuchaguliwa. Tafadhali mlete, au aje mwenyewe, Jumatatu ya tarehe iliyoandikwa hapo juu. Wiki hiyo ya kwanza siyo ya sherehe. Jumatatu na Jumanne anasajiliwa, kwa hiyo aje na vyeti vyake halisi na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo nne, kadi ya bima ya afya kama anayo, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na kupigwa muhuri na daktari wa hospitali ya serikali. Jumatano ataonyeshwa madarasa, maktaba na hospitali atakayojifunzia. Alhamisi atasomewa sheria na kuuliza maswali kabla hajazisaini. Ijumaa atapewa ratiba. Jumatatu inayofuata masomo yanaanza.

"Alete godoro la futi mbili na nusu, shuka mbili, chandarua, ndoo mbili, viatu vyeusi vya kufunika vidole visivyo na kisigino, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwa sababu atahesabu nayo mapigo ya moyo wa mgonjwa. Saa ya namba tupu haitamfaa. Alete blanketi zito na sweta. Kama mnatoka ziwani au bondeni, msidharau neno hili. Baridi ya huku juu hamjaizoea. Asilete jiko la umeme wala hita ya kuchemshia maji, kwa sababu nyaya za bweni ni za zamani na moto hauchagui.

"Akipatwa na ugonjwa, msiba, au njia ikikatika, asikae kimya. Piga simu kabla ya wiki mbili kwisha. Ruhusa ya kuchelewa ipo, inaombwa kwa maandishi kwa mkuu wa chuo, na nitakusaidia kuiandika."

Chini yake niliweka namba tatu: ya ofisi ya udahili, ya matroni wa bweni, na ya kwangu. Mama akasoma mstari wa mwisho mara mbili. "Hapa," alisema, "hapa kweli mtu ameandika."

*

Jumatatu nilimpelekea mkuu. Sitaki kumchora kama mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alikuwa mtu aliyekijenga chuo kile kutoka madarasa mawili, na kila wakaguzi walipotangaza kuja alipungua uzito. Alisoma kurasa zangu mbili akiwa amesimama.

"Madam, hiki ni chuo. Siyo mkutano wa kijiji."

"Wazazi wetu wengi wanatoka vijijini, mkuu."

"Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mkaguzi akikuta tunaandikia watu hivi, atasema tumeshuka kuwa shule ya msingi."

"Mkaguzi hatamleta mtoto. Barua siyo ya mkaguzi."

Akakaa. Hapo akanipa hoja ambayo mpaka leo naiheshimu. "Ukiwa na maandishi mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiswahili, siku yakipingana mtu atanishtaki kwa lile linalomfaa. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Andika chini kwamba rasmi ni lile la Kiingereza, na hili ni la kuwasaidia kulielewa. Mimi nitahakiki mstari kwa mstari."

"Na namba yako binafsi unaiweka ya nini?"

"Kwa sababu wakipiga ya mhasibu wanampata mtu aliyehama."

Hakucheka. Alisema nilete pendekezo kwenye kikao cha menejimenti. Nikaleta. Liliwekwa la mwisho kwenye ajenda, baada ya ukarabati wa choo na sare za walinzi, na kufikia hapo watu walikuwa wameshafunga makabrasha. Likaahirishwa mpaka muhula wa pili. Muhula wa pili! Wanafunzi wanaingia baada ya wiki nne, na barua ya kuwapokea itajadiliwa wakiwa wanajiandaa kwa mitihani.

Nilitoka kwenye kikao kile na uamuzi tayari. Nasema hivi kwa sababu baadaye walijaribu kunisaidia kwa kusema kwamba nilipitiwa, kwamba nilidhani nimeruhusiwa. Sikupitiwa. Nilijua sijaruhusiwa.

Kwenye barua yangu niliondoa nembo ya chuo. Juu nikaandika kwa herufi nene: "Hii siyo barua rasmi. Barua rasmi ni ile ya Kiingereza iliyo kwenye tovuti. Haya ni maelezo ya mshauri wa wanafunzi ili uielewe." Nikaweka cheo changu na saini yangu. Namba za wazazi zilikuwa kwenye fomu za maombi, na kwa kazi yangu nilikuwa na haki ya kuziona. Kama nilikuwa na haki ya kuzitumia hivyo, hilo lilijadiliwa baadaye. Wenye simu janja niliwatumia picha ya kurasa zote mbili. Wasio nazo niliwapigia. Wale wasiopatikana hewani niliwatolea nakala kwenye duka moja mtaani Milanzi nikazituma kwa mabasi: bahasha za bonde, bahasha za Namanyere, na bahasha moja iliyokwenda mpaka Wampembe, ufukweni mwa ziwa, ambayo kondakta aliniapia ataikabidhi kwa mtu anayekwenda mwaloni kunakoegeshwa boti.

Simu zilianza siku ile ile. Mama mmoja aliuliza kama shuka lazima ziwe nyeupe. Baba mmoja alitaka kujua kama binti yake anayenyonyesha anaweza kuja, na tulizungumza kwa muda mrefu. Nilimweleza ukweli, kwamba chuo hakina mahali pa mtoto ila sheria haimzuii mama yake kusoma, na wakapanga bibi wa mtoto akae chumba cha kupanga mjini. Kaka mmoja wa Wampembe alipiga akipaza sauti juu ya injini za boti: "Dada, hilo sweta ni kweli au mnatutisha?"

"Kweli. Na soksi."

*

Siku ya nne nikapewa bahasha ya kahawia. Barua ya kunitaka nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Makosa yalikuwa mawili: kusambaza waraka usioidhinishwa, na kutumia taarifa za waombaji bila kibali. Wenzangu walianza kupita mbali na mlango wa ofisi yangu. Mmoja alinong'ona kwenye korido kwamba niandike "nasikitika na naomba radhi", kwamba maneno hayo mawili humaliza kila kitu.

Niliandika jibu la ukurasa mmoja. Nilikubali kwamba waraka haukuidhinishwa. Nilikubali kwamba namba nilizitumia. Niliandika kwamba mwaka uliopita chuo kilimrudisha nyumbani mwanafunzi aliyefiwa na mama yake, aliyekuwa na haki ya kuomba ruhusa na hakujua, na kwamba aliyemrudisha ni mimi. Nikamaliza kwa kusema kwamba kama adhabu ipo naisubiri, ila radhi sitaomba eti kwa sababu wazazi wameelewa barua waliyoandikiwa. Nikaipeleka mwenyewe masijala nikagongewa muhuri wa kupokelewa.

Kikao cha nidhamu kilipangwa baada ya wiki ya utambulisho. Kwa hiyo Jumatatu ya kupokea wanafunzi nilikuwa bado mshauri, na nilikuwa getini na daftari langu.

Walikuja asubuhi, na baridi yenyewe ilikuwa bado haijaondoka kwenye majani. Sitasema kila kitu kilikwenda sawa. Kijana mmoja alikuja na jiko la umeme lenye sahani mbili. Wawili walikuwa na fomu za afya zisizo na muhuri, nikawaandikia wakapime hospitali ya mkoa siku ile ile. Lakini nilichokiona sikuwahi kukiona miaka yote ile. Kina mama walishika karatasi mikononi, zimekunjwa mara nne, zina alama za kalamu pembeni mwa kila kitu walichokwisha kununua. Mama mmoja kutoka vijiji vya karibu, mfuko wa unga wa ulezi kichwani, alinyoosha mkono wa mwanawe mbele yangu kabla ya kunisalimu: "Mshale huu hapa. Unatembea."

Sheria ya chuo ilisema wazazi waishie getini. Sikuivunja. Nilitoka mimi nje ya geti, nikasimama juu ya tofali, nikazungumza nao barabarani kwa nusu saa. Nikawaonyesha kwa kidole bweni lilipo. Nikamwita matroni naye akatoka, wakamwona uso. Wakati nasema nao nilimwona mkuu kwenye kibaraza cha utawala, amesimama, mikono nyuma. Hakuniita. Nilimaliza nilichokuwa nasema.

Siku ya kikao nilikuta watu watatu mezani, na mkuu akiwa mwenyekiti. Waliniambia nisome ule waraka kwa sauti. Nadhani walifikiri nitaona aibu. Nikausoma wote, na nilipofika penye baridi ya huku juu, mjumbe mmoja mzee, mwenyeji wa pwani aliyehamia kwetu zamani, alitikisa kichwa akasema, "Mimi hili hakuna aliyeniambia."

Mkuu aliniuliza, "Ukiambiwa leo usirudie, hutarudia?"

"Mkiandika nyinyi, sitakuwa na haja."

"Sijauliza hivyo."

"Basi nitarudia, mkuu."

Katibu alisimamisha kalamu, hajui kama aandike. Nikamwambia aandike.

Walinipa onyo la maandishi, na ushauri wa wanafunzi wakauondoa kwangu kuanzia muhula ule wa pili. Kuhusu namba za wazazi walikuwa na hoja, na niliwaambia hivyo hivyo: iwekwe kwenye fomu ya maombi sehemu ya mzazi kukubali kutumiwa ujumbe. Kuhusu mengine, nilisaini kwamba nimepokea onyo. Sikusaini kwamba nimekubali kosa, ingawa nafasi ya kusaini ilikuwapo.

*

Yule baba wa bondeni alinipigia mwaka huo huo. Nakala ya barua yangu ilifika kijijini kwao kwa mtoto wa jirani. Aliisomewa yote. "Mwalimu," alisema, "hii ingekuja kwetu mwaka jana." Nikamwuliza binti yuko wapi. Yupo, analima mpunga, anashona; dirisha la mwaka ule liliwapita bila kujua. Dirisha lilipofunguliwa tena tulijaza maombi, yeye kule na mimi huku, na safari hii alichaguliwa chuo cha mkoa mwingine. Barua ya chuo kile nayo ilikuwa ya Kiingereza. Tuliisoma kwenye simu ukurasa kwa ukurasa, binti akiandika kwenye daftari, na tulipofika penye wiki ya kwanza alinikatiza: "Hapo napajua, madam. Hapo ndipo usajili."

Msimu uliofuata, chuo chetu kilitoa barua mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, zote na nembo na saini ya mkuu. Ya Kiswahili ilikuwa na maneno yangu mengi. Waliongeza "ni marufuku" mahali pawili, na blanketi wakaliita "vifaa vya kujikinga na baridi". Jina langu halikuwapo, wala sikulitafuta. Ila penye kuchelewa, kwamba ruhusa ipo na inaombwa, waliweka kwa herufi nene kuliko hata nilivyoweka mimi.

Wazazi nao waliruhusiwa kuingia ukumbini saa moja nzima siku ya kwanza. Nilisimama nyuma, karibu na mlango, maana kazi ile haikuwa yangu tena. Bibi mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mjukuu wake akishindwa somo moja atarudishwa nyumbani au atapewa nafasi ya kurudia mtihani. Mshauri mpya aligeuka kutafuta kitabu cha kanuni. Mkuu akasimama, akamwamkia yule bibi kwanza, halafu akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili, pole pole, mpaka bibi akasema ameelewa.

Kulikuwa na mikono mingine saba juu. Mkuu akaonyesha kwa kidole mkono uliofuata.